Kumhoji Dada wa Nyumbani: Saa Zihesabiwe Mapema

Mwajiri wa Malindi anapomhoji dada aliyetoka Ganze, mara nyingi humwambia, "Kazi ni ya nyumbani tu, na mtoto mmoja." Ugomvi huanzia hapo. Afadhali amweleze siku nzima ilivyo: kuamka saa kumi na moja alfajiri kumwandaa mtoto wa shule, kufua, kupika, hadi kuosha vyombo saa nne usiku. Hizo ni saa 17. Kwa siku sita ni saa 102, ilhali kanuni za mishahara za Kenya zimeweka saa 52 kwa wiki. Basi wakubaliane mapema: kazi ipi ipunguzwe, apumzike saa ngapi mchana, na saa za ziada zilipweje.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoielewa, hata kama ni Kigiriama, kisha aweke kidole gumba.

Kuhusu uaminifu, swali la "Wewe ni mwaminifu?" halisaidii, kwani kila mtu atajibu ndiyo. Aulizwe: "Mtoto akiungua kwa uji nami niko kazini, utaanza na nini?" Mwajiri wake wa zamani apigiwe simu. Kitambulisho kiangaliwe, kisha arudishiwe mwenyewe.

Mwisho, naye aulizwe ana swali gani.