CHIFU NA KAUNSILI: WATOTO WAWILI WA SHERIA MOJA



Wengi wetu tumeuliza kwa nini katika senta moja ya soko kuna ofisi ya chifu na kuna ofisi ya kaunti, na kila mmoja anamtuma mwananchi kwa mwenzake. Jibu lake ni refu kidogo, na lahusu jasho la wafanya kazi.

Waingereza walipotwaa nchi hawakuwa na watu wala fedha za kutosha kutawala kila kijiji. Kwa hiyo walitawala kwa mkono wa wenyeji. Mahali palipokuwa na mfalme, kama Mumia wa Wanga, walimtumia huyo, na hata wakawapeleka watu wake kuwa machifu juu ya majirani ambao hawakuwa raia zake. Lakini Wakikuyu, kama makabila mengi ya nchi hii, walikuwa na mabaraza ya wazee, hawakuwa na machifu. Hapo Serikali ilimtengeneza chifu. Kinyanjui wa Gathirimu, aliyejulikana kama chifu mkubwa wa Wakikuyu wa Kiambu, hakurithi kiti cha mtu. Alipanda kwa kuwatumikia Wazungu wa Kampuni katika safari zao. Sheria ya mwaka 1902 ilimpa mkuu wa kijiji kazi, na Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 ikampa nguvu: kukataza pombe, kuamrisha watu watengeneze njia, na kumshtaki asiyetii. Mshahara wake ulitoka Serikalini, na Serikali ndiyo iliyoweza kumfukuza. Basi alimwogopa nani, watu wake au Disii?

Jambo hili lilionekana wazi mwezi wa Oktoba 1919. Gavana Northey alitoa waraka kwamba machifu wawahimize vijana waende kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na Madisii waandike majina ya machifu wanaosaidia na ya wale wasiosaidia. Neno lilikuwa "kuhimiza". Lakini chifu aliyejua kwamba jina lake linaandikwa alihimiza kwa namna gani, kila mmoja wetu anaweza kukisia. Mwaka 1920 sheria iliongezwa, na mtu aliweza kulazimishwa kufanya kazi za Serikali kwa malipo mpaka siku 60 kwa mwaka, isipokuwa kama amekwisha kuajiriwa miezi mitatu katika mwaka huo. Maana yake, aliyetaka kuepuka kazi ya Serikali alikwenda kwa mlowezi.

Watu walinung'unika, na baada ya Harry Thuku kukamatwa mwaka 1922 Serikali iliona heri watu wapewe mahali pa kusemea. Sheria ya mwaka 1924 ikaanzisha Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. Mwenyekiti alikuwa Disii mwenyewe, machifu walikaa humo, na wajumbe wengine walichaguliwa na watu. Baraza liliweza kutoza ushuru wake, lakini azimio lake halikuwa na nguvu bila kibali cha juu. Kodi ya nyumba na ya kichwa, iliyokuwa kubwa, ilikwenda Serikalini.

Hata hivyo watu walilishika baraza hilo wakalitumia kwa haja yao, nayo ilikuwa elimu. Shule za Kagumo, Kakamega na Kisii, zilizofunguliwa miaka ya 1930, zilisimama kwa fedha za mabaraza haya. Chombo kilichotengenezwa ili kutuliza watu kikajenga shule. Sisi hatuoni haya kulisema, ingawa hatukipendi chombo chenyewe.

Mwaka 1950 yakawa Halmashauri za Wilaya za Waafrika, na mwaka 1963 yakawa Kaunti Kaunsil. Lakini fedha hazikufuata kazi. Shule, hospitali na njia zilikuwa mzigo wa kaunsili, na nyingi zilishindwa kulipa hata mishahara ya walimu. Ndipo sheria ya mwaka 1969 ilipozinyang'anya kazi hizo tatu kuanzia 1970, pamoja na kodi iliyokuwa tegemeo lao kubwa. Manispaa chache, kama Nairobi na Mombasa, ziliachiwa. Kaunsili za mashambani zilibaki na ushuru wa soko.

Chifu yeye hakuingia katika njia hiyo. Mtoto huyu wa sheria ya 1912 alibaki chini ya Serikali kuu, na nguvu zake za zamani hazikupunguzwa sana mpaka mwaka 1997. Katiba ya 2010 ilileta serikali za kaunti 47, zilizoanza 2013, na mipaka yake kwa sehemu kubwa ni ya wilaya za zamani. Lakini machifu wangali waajiriwa wa Serikali ya Taifa, hawapigiwi kura.

Kwa hiyo mwanachama akitaka barua ya kuthibitisha makazi, aende kwa chifu. Akidai choo cha soko, taka au dawa za zahanati, amwone mjumbe wa wadi, ambaye kura zetu ndizo zilizomweka.