Maoni Mia Nne ya Wageni: Lipi Lirekebishwe Kwanza?

Mada kwa wenye biashara ndogo za mwambao



Mwenye biashara anapokuwa na shilingi milioni tatu za kuboresha biashara yake kabla ya msimu wa wageni, hatari kubwa inayomkabili ni kuzitumia mahali pasipouma. Mara nyingi hulifuata lalamiko la mwisho alilolisikia, au lile lililosemwa kwa sauti kubwa kuliko mengine. Kumbe jibu analo tayari, limetawanyika katika daftari la wageni lililoko mapokezi, katika simu yake, na katika maoni yaliyoandikwa kwenye Google Maps. Mada hii inaeleza namna ya kuyakusanya maoni hayo, kuyahesabu na kuyapanga.

Tuchukue mfano. Biashara hii ni ya kubuni na hesabu zake ni za mfano, ila mazingira yake yanafahamika na kila mkazi wa Pangani. Mama mmoja ana nyumba ya wageni ya vyumba vinane huko Ushongo, kusini mwa Mto Pangani. Huwapikia wageni wake chakula, na huwapeleka kwa mashua kwenye Kisiwa cha Maziwe. Fedha zake amekusudia kupaka rangi na kununua televisheni za vyumbani. Kabla ya kuzitumia, anaamua kuyasoma maoni yote ya miaka miwili.

Kazi ya kwanza ni kuyaleta maoni yote mahali pamoja. Kaunta buku linatosha. Mwenye kompyuta anaweza kutumia jedwali la Excel. Kila oni linapewa mstari wake: tarehe ambayo mgeni alilala hapo, mahali oni lilikoandikwa, idadi ya nyota kama zipo, na maneno yenyewe bila kufupishwa. Tarehe ya kulala ndiyo inayotakiwa, wala si tarehe ya kuandika, kwa kuwa mgeni anaweza kuandika baada ya kurudi kwao. Mgeni aliyeandika jambo lilelile daftarini na kwenye simu huhesabiwa mara moja. Baada ya kuondoa marudio hayo, mama huyu anabaki na maoni 400.

Kazi ya pili ni kusoma, na hapa panahitajika subira. Anasoma maoni 50 ya mwanzo bila kuwa na orodha yoyote kichwani, na pembeni ya kila moja anaandika kwa maneno machache kinacholalamikiwa. Akiisha, mafungu yanajitokeza yenyewe: chakula kuchelewa, maji ya bafuni, safari ya Maziwe, kuvuka mto, vyandarua, bei, kelele, na mengineyo. Kila fungu hupewa maelezo ya mstari mmoja yanayosema ni nini kinaingia na ni nini hakiingii. Kanuni ya kugawa ni tiba: mambo mawili yenye tiba tofauti hayakai fungu moja. Chakula kibaya na chakula kilichochelewa ni mambo mawili, kwa kuwa la kwanza hutibiwa jikoni na la pili hutibiwa katika mpango wa kupokea oda.

Msomaji wa maoni ya Kiswahili anapaswa kuwa macho zaidi. Watu wa pwani wana haya ya kumlaumu mwenyeji wao, hasa wanapoandika daftarini huku mwenyeji amesimama karibu. Lalamiko hufichwa nyuma ya sifa: «Tumefurahi sana, chakula kitamu, ila tulisubiri kidogo.» Anayehesabu kwa haraka huliweka oni hilo upande wa sifa. Maneno ya kuyatafuta ni «ila», «isipokuwa», «mngejitahidi» na «kidogo tu». Mbele ya maneno hayo ndipo ukweli unapokaa.

Kazi ya tatu ni kujihakiki. Mama anampa mwanawe yale maoni 50 pamoja na orodha ya mafungu, naye anayagawa peke yake bila kuona alivyogawa mama yake. Wakilinganisha, wanakuta wamekubaliana katika maoni 41. Yale tisa ya tofauti yanaonyesha kasoro ya orodha: mmoja aliweka «bafu halina maji» kwenye fungu la maji, mwingine kwenye mengineyo akidhani ni ubovu wa bomba. Wanarekebisha maelezo ya fungu hilo, kisha wanaendelea na maoni 350 yaliyobaki.

Hesabu inapokamilika, maoni 164 kati ya 400 yana lalamiko, na kwa kuwa baadhi yana malalamiko mawili, jumla ya malalamiko ni 198. Chakula kuchelewa ni 62, maji ya bafuni 38, safari ya Maziwe 29, kuvuka mto 27, vyandarua vilivyotoboka 14, bei kutofautiana na ilivyoelezwa 11, kelele 8, na mengineyo 9. Rangi ya kuta na televisheni hazikufikia hata kuwa na fungu lake.

Mafungu matatu ya mwanzo yanabeba malalamiko 129, karibu theluthi mbili ya yote. Hali hiyo ni ya kawaida. Joseph Juran, mhandisi wa mambo ya ubora aliyefariki mwaka 2008, alifundisha kwamba sababu chache huleta sehemu kubwa ya kasoro, na kanuni hiyo akaiita kwa jina la Vilfredo Pareto, mchumi wa Italia. Hata hivyo, wingi peke yake haukati shauri. Yapo malalamiko ya kero ndogo, na yapo yanayomfanya mgeni asirudi tena.

Ili kuyatofautisha, mama anaziangalia nyota katika maoni yaliyo nazo. Waliolalamikia chakula kuchelewa wametoa kwa wastani nyota nne kati ya tano: wamekereka, lakini wameridhika. Waliolalamikia maji wametoa tatu. Waliolalamikia Maziwe, vyandarua na bei wametoa mbili. Basi anaupa uzito wa 1 uchungu mdogo, 2 wa kati, na 3 mkubwa, kisha anazidisha kwa idadi. Chakula kinabaki na 62, maji yanapanda hadi 76, na Maziwe inafika 87. Vyandarua vinapata 42, na bei 33. Lalamiko lililokuwa la tatu sasa limekuwa la kwanza.

Lakini ni nini kilichowaudhi wageni huko Maziwe? Maneno yao yanapishana. Baadhi wanaandika kwamba hawakuona kisiwa chochote, na wengine kwamba walikaa mashuani muda wote. Wakati huohuo, kuna wageni wengi wanaoisifu safari hiyohiyo kuliko jambo lolote. Lalamiko na sifa juu ya kitu kimoja ni ishara kwamba kitu hicho hubadilika, na kinachobadilika hutafutwa katika tarehe. Mama anazipanga tarehe za kulala na kuzilinganisha na mwezi mwandamo. Sifa zinaangukia siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Lawama zinaangukia siku za katikati.

Kila mvuvi anaweza kumweleza sababu. Maziwe ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Wakati wa bamvua, maji hupwa sana, na katika pwani hii hupwa mnamo saa nne asubuhi. Wakati wa maji mafu, saa hiyohiyo maji huwa yamejaa. Mashua ya mama huyu ilikuwa ikiondoka kila siku saa tatu asubuhi. Siku za bamvua wageni walifika mchanga ukiwa wazi. Siku za maji mafu walifika wakauta umefunikwa. Nahodha hakuwa na kosa, wala mashua. Kosa lilikuwa saa moja isiyobadilika katika bahari inayobadilika kila siku. Tiba yake ni kuzipanga safari kwa jedwali la kupwa na kujaa kwa maji, na kumwambia mgeni mapema siku ambayo haifai. Gharama yake ni karatasi ya kubandika ukutani.

Hivyo jambo la mwisho la kupimwa ni gharama, na hapo mpangilio unakamilika. Safari ya Maziwe inatangulia, kwa kuwa ina uchungu mkubwa na tiba yake haina gharama. Chakula kinafuata: mgeni aulizwe asubuhi atakula nini jioni, ili samaki anunuliwe mchana na si baada ya mgeni kuketi mezani. Bei ziandikwe na kubandikwa mapokezi. Maji hukatika umeme unapozimika na pampu kusimama. Tiba yake ni tangi la juu na mnara wake, na hapo ndipo penye kustahili zile milioni tatu. Kuhusu kuvuka mto, mama hana mamlaka juu ya njia, lakini anaweza kumtahadharisha mgeni kabla hajaondoka Tanga ili ajipe muda wa kutosha.

Vyandarua havisubiri foleni hii. Mgeni mmoja akisema chandarua kimetoboka katika eneo lenye malaria, au swichi imempiga shoti, au chakula kimemuumiza tumbo, jambo hilo hushughulikiwa siku hiyohiyo. Usalama haupigiwi kura.

Hesabu hii ina mipaka yake. Wanaoandika ni waliofurahi sana na waliokasirika sana; wa katikati hunyamaza, na wengine huondoka kimya wasirudi. Tena sifa tano zilizoandikwa siku moja kwa maneno yanayofanana huenda zimetoka kwa jamaa na marafiki, na ziwekwe kando. Kwa sababu hiyo ni vema kumuuliza kila mgeni anayeondoka swali moja: «Ni kitu gani kimoja ungetaka tukibadilishe?» Jibu lake liingie kwenye kaunta buku.

Baada ya miezi sita, mama atahesabu tena. Tuseme amepata maoni mapya 90. Asilinganishe idadi kwa idadi, kwani 90 si 400. Zamani Maziwe ililalamikiwa mara 7 katika kila maoni 100, hivyo katika maoni 90, kama hakuna kilichobadilika, angetarajia malalamiko 6 hivi. Akikuta mawili, ana sababu ya kuamini kwamba jedwali la maji linafanya kazi. Akikuta matano, asijipongeze bado. Tofauti ya moja huja na kwenda yenyewe. Arudi kwenye tarehe, na amuulize nahodha kama kweli saa za kuondoka zilibadilika.

Rangi ya kuta inaweza kusubiri msimu mwingine.