Ujumbe wa Sikukuu: Mwanzo, Kumbukumbu, Heri na Kimalizio

Mada kwa semina ya walimu wa Kiswahili, Sola, Mkoa wa Simiyu

1. Utangulizi

Ujumbe wa kwanza wa maandishi kutumwa kwa simu ya mkononi ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na ulikuwa salamu ya Krismasi yenye maneno mawili tu. Ulikuwa heri tupu, bila mwanzo, bila kumbukumbu, bila kimalizio. Ulitosha kwa sababu waliokuwa kazini siku ile walikuwa wanajaribu mtambo.

Ujumbe unaofika Sola mwezi Desemba una kazi nyingine. Kijana yuko Dar es Salaam au Mwanza, shangazi yake yuko hapa, na wiki ileile ya Krismasi pamba na mahindi bado ni machanga na palizi inasubiri. Ujumbe huo unatakiwa umfikie shangazi, umtambulishe aliyeutuma na umwonyeshe kwamba amekumbukwa yeye mwenyewe. Katika mada hii nitachukua ujumbe mmoja wa namna hiyo na kueleza sehemu zake nne. Hoja yangu ni moja: kumbukumbu ndiyo inayoufanya ujumbe uwe wa mtu fulani, na sehemu nyingine tatu hupata nguvu zake kutoka kwake.

2. Mfano wetu

Huu ndio ujumbe unaozunguka kila Desemba:

"Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya! Mungu akujalie afya, furaha, amani na mafanikio tele katika yote uyafanyayo."

Hauna kosa la sarufi wala la adabu. Lakini ukiutuma kwa shangazi, kwa mwenye nyumba na kwa fundi wa pikipiki, hakuna neno hata moja utakalolazimika kubadili. Hiki ndicho kipimo rahisi cha kumpa mwanafunzi: badili jina la mpokeaji, kisha uangalie kama kuna sentensi itakayokataa kukaa. Ikiwa hakuna, kumbukumbu haimo.

Sasa tazameni huu, niliotunga kwa ajili ya semina:

"Shikamoo shangazi. Ni Kulwa wa Dar. Nakumbuka Krismasi ile mvua ilipotukuta tukipalilia pamba. Ulinivika kanga yako, wewe ukaja umelowa mpaka nyumbani. Mungu akupe mvua ya kutosha msimu huu na nguvu za kuvuna. Heri ya Krismasi. Nitapiga simu mkitoka kanisani, nisalimie wote."

Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu hubeba herufi 160, nafasi na alama zikiwemo. Ukizidi hapo simu huugawa, na kila kipande hubeba herufi 153. Ujumbe wetu unaingia katika vipande viwili. Kiswahili hakihitaji herufi za pekee, kwa hiyo nafasi hiyo tunaipata yote. Ila mwandishi akiweka emoji moja tu, kipimo kinashuka kutoka herufi 160 hadi 70, na kwenye kitochi cha shangazi ile picha huenda ikaonekana kama kisanduku kitupu. Nafasi aliyoipoteza kwa picha ingemtosha kutaja kanga na mvua.

3. Mwanzo

Mwanzo una kazi mbili: kuweka heshima mahali pake na kusema nani anazungumza. "Shikamoo shangazi" inafanya ya kwanza. Mtoto wa kaka haanzi kwa "Heri ya Krismasi" kabla hajaamkia, kama vile asivyoingia uani akaanza kutoa habari zake. Wapo wanaopenda kuamkia kwa Kisukuma, na ni jambo zuri, lakini waangalie saa. "Mwangaluka" ni ya asubuhi na "mwadila" ni ya mchana. Ujumbe ulioandikwa alfajiri unaweza kusomwa jioni, simu iliporudi kutoka kuchajiwa. Shikamoo haina saa, na kwa ujumbe wa maandishi hiyo ni faida.

Kazi ya pili husahaulika. Mwandishi hudhani jina lake litatokea kwenye kioo. Lakini namba hubadilika, simu ya nyumbani hutumiwa na watu kadhaa, na si kila jina limehifadhiwa. Zaidi ya hapo, sote tumepokea ujumbe wa matapeli usemao ile hela itumwe kwenye namba hii. Mzee aliyeonywa na wanawe juu ya utapeli huo ana haki ya kuushuku ujumbe wa namba ngeni. "Ni Kulwa wa Dar" ni maneno manne, lakini bila hayo mengine yote yanasimama juu ya mashaka.

4. Kumbukumbu

Tapeli naye anaweza kuandika jina la Kulwa. Asichoweza kuandika ni mvua ile na kanga ile. Kumbukumbu inathibitisha kile ambacho mwanzo umedai: anayesema ni yule aliyekuwapo.

Kumbukumbu nzuri ina mambo matatu. Ina tukio moja, lililotokea siku moja. "Nakumbuka ulivyotulea vizuri" ni sifa, haijawa kumbukumbu. "Mvua ilipotukuta tukipalilia" ni tukio. Ina kitu kinachoonekana, na hapa ni kanga. Na tendo kubwa ndani yake ni la mpokeaji: shangazi ndiye aliyetoa kanga, shangazi ndiye aliyelowa. Wanafunzi wengi hukosea hapo. Huandika, "Nakumbuka nilivyokuletea zawadi," na kumbe wamejisifu wenyewe mbele ya mtu waliyetaka kumsifu. Ni rahisi kulitambua kosa hili kwa kuangalia viambishi vya nafsi katika vitenzi. Ikiwa "ni-" zimeishinda "u-", sentensi irudiwe.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo lazima liongoze uchaguzi wa tukio. Mara nyingi ujumbe wa mzee husomwa na mjukuu, kwa sauti, mbele ya waliokaa. Mwandishi anamwandikia mmoja lakini anasikiwa na kundi. Kwa hiyo tukio linalogusa deni, ugomvi wa shamba, au siri ambayo shangazi alimfichia mtu halifai, hata kama ni la kweli na linawachekesha wao wawili. Sentensi nayo iwe fupi, ili mtoto wa darasa la nne aweze kuisoma bila kukwama.

Wenye umri wangu watauliza kuhusu kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam. Kadi zile zilikuwa na jina la msalimu, orodha ndefu ya wanaosalimiwa, na mwishoni ujumbe mfupi, mara nyingi methali. Kumbukumbu haikuwamo, na bado mtu aliyesikia jina lake alifurahi siku nzima. Naamini sababu ni kwamba jina kutajwa nchi nzima ikisikia lilikuwa tukio lenyewe. Kuandika jina kwenye simu hakuna uzito huo, kwa hiyo ujumbe wa simu unahitaji kitu kingine cha kuubeba.

5. Heri

Heri ndiyo sababu ya kuandika, lakini ndiyo sehemu inayochakaa haraka zaidi. Afya, furaha, amani na mafanikio vikipangwa pamoja, msikilizaji hapokei hata kimoja. Katika mfano wetu heri imetoka ndani ya kumbukumbu: tulikumbuka mvua na palizi, tukaomba mvua na mavuno. Shangazi hahitaji kuambiwa mafanikio ni nini. Katika Desemba ya Sola, mvua isiyokatika katikati ya msimu ni jambo analolitazama kila asubuhi, na pamba yake haitauzwa mpaka katikati ya mwaka unaokuja.

Angalieni pia nani anatoa. Kijana amesema "Mungu akupe." Kwa mtu aliyemzidi umri, naipendelea dua hiyo kuliko "nakutakia", kwa sababu inawaweka wote wawili chini ya Mtoaji mmoja. "Nakutakia" inafaa kwa rika na kwa wadogo.

Heri hufuata sikukuu yenyewe. Ya Krismasi na Mwaka Mpya hutazama mbele. Ya Idi el-Fitri hutazama kwanza nyuma, kwa kuwa mpokeaji ametoka kufunga mwezi mzima. Ndiyo maana dua yake huomba funga zikubaliwe, kabla ya kuomba lijalo. Kumbukumbu inayoendana nayo ni ya Ramadhani, kwa mfano futari mliyokula pamoja. Ukichukua ujumbe wa Krismasi ukabadili jina la sikukuu tu, mpangilio huo wa nyuma na mbele unavunjika.

Na kuna nyumba ambayo mwaka huu imefiwa. Hapo heri ya shangwe huumiza. Mwanzo ubebe pole, kumbukumbu imtaje marehemu kwa tendo lake moja jema, na dua iombe faraja. Sehemu zinabaki nne. Kinachobadilika ni sauti.

6. Kimalizio

Kimalizio kinaamua kama mpokeaji amefungiwa mlango au ameachiwa nafasi ya kuitikia. "Nitapiga simu mkitoka kanisani" kinamwambia shangazi kwamba halazimiki kutafuta vocha wala mtu wa kumwandikia; sauti itamfuata, na saa anaijua. "Nisalimie wote" kinawagusa wale waliosikia ujumbe ukisomwa, ambao bila hivyo wangebaki wasikilizaji wa mazungumzo yasiyowahusu.

Makosa ya kimalizio ni mawili. La kwanza ni kuahidi kisichotekelezwa: ukiandika kwamba utapiga, upige. La pili ni kuingiza ombi la fedha, hata kwa utani wa kuulizia sikukuu yako. Ombi likikaa mwishoni, msomaji hurudi nyuma na kuisoma kumbukumbu kama chambo. Mwenye shida aandike ujumbe mwingine, siku nyingine.

7. Mapendekezo

Tunafundisha barua ya kirafiki kwa anwani, tarehe, salamu, kiini na mwisho, na mwanafunzi anapata alama kwa kupanga vitu mahali pake. Kwa ujumbe wa sikukuu napendekeza zoezi la alama 10: mwanzo alama 2, kumbukumbu alama 4, heri alama 2 na kimalizio alama 2. Ujumbe usizidi herufi 306, yaani vipande viwili. Kumbukumbu ipate alama zote nne pale tu inapokuwa na tukio moja, kitu kinachoonekana na tendo la mpokeaji. Heri isiyohusiana na kumbukumbu ipate alama 1.

Baada ya kusahihisha, kila ujumbe usomwe kwa sauti na mwanafunzi mwingine, si aliyeuandika. Atakapokwama msomaji, ndipo pa kurekebisha. Naomba kila mmoja wetu alijaribu zoezi hili kabla shule hazijafungwa Desemba, ili wanafunzi wapeleke kazi zao kwa watu wenyewe waliowaandikia.