Mifupa ya wazee wetu wa Kariakoo

(Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia)



Wengi wenu mnaikumbuka nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo: vyumba sita, ukumbi katikati, na nyuma uani. Uani ndiko mama alikotwanga, alikofua, alikochota maji na alikokaa akichambua mchele. Leo viwanja vingi vya nyumba hizo vimejengwa maghorofa. Bibi anaishi ghorofa ya nne, maji yanapanda kwa pampu, unga unatoka dukani, na jua analiona kupitia kioo. Nataka tuangalie mifupa yake.

Mfupa ni kama nguzo ya zege. Protini ndiyo nondo, madini ya kalisiamu ndiyo saruji na kokoto. Nondo bila zege hupinda, na zege bila nondo hukatika. Vitamini D ni kibarua anayeingiza kokoto kwenye eneo la ujenzi. Asipokuwepo, mwili huchukua kama asilimia 10 hadi 15 tu ya kalisiamu iliyo kwenye chakula, akiwepo ni asilimia 30 hadi 40. Na uzito wa mwili unapoukandamiza mfupa, ndipo mwili unapojua nguzo ipi iimarishwe. Ndiyo maana mtu akinywa vidonge vya kalisiamu huku ameketi ndani mchana kutwa, faida yake ni ndogo.

Tumchukue mama wa miaka 65 mwenye kilo 60. Anahitaji kalisiamu kama miligramu 1,200 kwa siku, na protini gramu 60 hivi. Kwa siku anakunywa chai ya rangi kwa mkate, mchana wali na mchicha, jioni ugali na kipande cha samaki. Protini haifiki. Kalisiamu iko chini sana, kwa sababu mnofu wa samaki una kidogo, na ile iliyo kwenye mchicha imefungwa na asidi ya mboga hiyo kiasi kwamba nyingi hupita tu.

Sasa tubadilishe vitu vichache. Dagaa wakavu gramu 25, kama kiganja kimoja, wakiliwa wazima na mifupa yao, hutoa kalisiamu kama miligramu 500 na protini gramu 15. Wanaokata vichwa na kuchomoa uti wa mgongo wanatupa kilicho cha thamani, ingawa nakubali kwamba uchungu wa kichwa hauwapendezi wote. Wakisagwa unga hausikiki sana. Vikombe viwili vya maziwa au mtindi ni miligramu 600 nyingine, na protini gramu 16. Maharage kikombe kimoja yanaongeza protini gramu 15, na yai moja gramu 6. Asiyepatana na maziwa mabichi mara nyingi huvumilia mtindi.

Kuhusu jua, mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamaasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania wanaoishi maisha ya asili. Vitamini D yao ilikuwa wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango kizuri sana, na ngozi zao ni nyeusi kama zetu. Wao hushinda nje. Kioo cha dirisha huzuia mionzi inayotengeneza vitamini hiyo, na jua la asubuhi mapema ni hafifu mno. Linalofaa ni lile ambalo kivuli chako ni kifupi kuliko kimo chako: dakika 20 hadi 30, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa wiki. Kina mama wanaovaa baibui wanaweza kutumia paa la jengo penye faragha. Wenye ualbino wasifanye hivyo kabisa; wao wapate vitamini D kwa ushauri wa mganga.

Mazoezi hayahitaji uwanja. Apande ngazi badala ya lifti akiweza, atembee hadi sokoni na kurudi, ainuke kwenye kigoda mara 10 bila kushika kitu, kisha asimame kwa vidole vya miguu akiwa ameshika ukuta. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo, lakini maji huubeba mwili, hivyo mfupa haupati mzigo wa kutosha.

Yote haya ni kinga. Mtu aliyeanguka akiwa amesimama tu akavunjika kiwiko cha mkono, au aliyepatwa na maumivu ya ghafla ya mgongo baada ya kuinua ndoo, anahitaji daktari na pengine dawa. Asibebe mizigo wala kuinama kwa kupinda mgongo mpaka apimwe. Vivyo hivyo anayetumia vidonge vya prednisoloni kwa miezi kadhaa. Aliyewahi kuwa na mawe ya figo asianze vidonge vya kalisiamu mwenyewe.

Kamati inaweza kuwapima wazee kimo ukutani mara moja kwa mwaka, bila viatu, na kuandika daftarini. Aliyepungua sentimita 2 au zaidi tangu kipimo kilichopita, au 4 tangu ujana wake, apelekwe hospitali, hata kama haumwi popote. Pingili za mgongo mara nyingi hubonyea kimya kimya.