Daftari la Pumzi kwa Mwenye Pumu

(Maneno yaliyosemwa na mhudumu wa jamii katika mkutano wa wagonjwa wa pumu na jamaa zao)

Nimeombwa nieleze namna ya kutumia kipima pumzi, kile kibomba cha plastiki chenye mshale ambacho baadhi yenu mmepewa kliniki. Nimeona vingi vikiwekwa juu ya kabati kama pambo, na daftari lake halina hata mstari mmoja. Basi leo tulifungue daftari hilo pamoja.

Kipima pumzi kinaonyesha jinsi hewa inavyotoka kifuani kwa kasi, kwa hesabu ya lita kwa dakika. Pumu ikianza kubana, njia za hewa huwa nyembamba na hewa hutoka polepole. Mara nyingi jambo hili huanza siku kadhaa kabla hujasikia kifua kikilia. Ndiyo maana tunaandika hata siku ambazo mtu anajisikia mzima.

Pima asubuhi unapoamka, na jioni, kabla ya kuvuta dawa. Rudisha mshale chini kabisa. Simama wima, vuta pumzi mpaka kifua kijae, funga midomo vizuri kuzunguka mdomo wa kifaa, kisha puliza mara moja kwa nguvu na kwa haraka, kama mtu anayezima taa ya koroboi iliyo mbali. Fanya mara tatu. Andika namba iliyo kubwa kuliko zote. Usijumlishe na kugawanya, na usiandike ya mwisho kwa kuwa ndiyo iliyo mbele ya macho yako. Kama namba mbili kubwa zimepishana zaidi ya lita 40, hukupuliza sawasawa, rudia tena. Angalieni pia vidole: wengi hushika kifaa hivi kwamba kidole kinazuia mshale. Na ukikohoa au kutema ndani yake, mshale huruka juu na kukudanganya. Watoto walio chini ya miaka 5 hawawezi kazi hii, hao tunawatazama wanavyopumua.

Sasa rangi. Namba yenyewe haina maana mpaka ujue namba yako bora, yaani ile kubwa uliyofikia katika muda wa wiki 2 ukiwa umetulia na unatumia dawa vizuri. Usiazime ya jirani. Mzee mfupi na kijana mrefu hawapulizi sawa, wala mama na mwanawe. Kuanzia asilimia 80 ya namba yako bora kwenda juu ni kijani. Kati ya asilimia 50 na 80 ni njano. Chini ya asilimia 50 ni nyekundu.

Chukueni mfano wa mama mmoja ambaye namba yake bora ni 400. Kijani chake kinaanzia 320, na nyekundu ni chini ya 200. Jumatatu asubuhi aliandika 380, jioni 400. Jumatano asubuhi 350, jioni 390. Ijumaa asubuhi 310, jioni 360. Jumamosi asubuhi 290. Yeye mwenyewe alisema hajambo, ni kikohozi kidogo tu cha usiku. Lakini tazameni namba za asubuhi peke yake: zinashuka kama mtu anayeteremka ngazi, huku za jioni zikimfariji. Pumu isiyotulia hujionyesha hivyo, asubuhi huwa mbaya kuliko jioni. Ijumaa alikuwa amekwisha ingia njano bila kujua.

Pembeni mwa namba kuna nafasi ya maneno, na mama huyu aliitumia vizuri. Aliandika kwamba kuni zilikuwa mbichi kwa sababu ya mvua na alipikia ndani, na kwamba pampu ya kahawia, ile ya kuzuia, alikuwa akiivuta siku moja na kuacha siku moja ili isiishe upesi. Mganga aliposoma hayo hakuhitaji kuuliza mengi. Pampu ya kahawia haitulizi mara moja. Inapunguza uvimbe wa ndani polepole, na ukiiruka ruka uvimbe unarudi. Alirudishwa kuivuta asubuhi na jioni kama alivyoandikiwa, na jiko likahamishiwa nje chini ya turubai. Moshi wa matrela yanayopanga foleni Malaba na Busia hatuwezi kuuondoa, lakini wa jikoni kwetu tunaweza kuupunguza.

Mpango wa dawa anauandika mganga, nanyi mnaufuata kwa rangi. Kwa kawaida huwa hivi. Ukiwa kijani, endelea na dawa zako za kila siku. Ukiwa njano, vuta ile ya bluu mara 2 hadi 4, moja moja, kisha upime tena baada ya dakika 20. Ikipanda kijani na ikakaa, andika na uendelee. Isipopanda, au ikishuka tena siku hiyo hiyo, njoo kliniki leo. Asubuhi 2 mfululizo za njano pia zakutosha kuja, hata kama kifua hakilii. Ukiwa nyekundu, vuta ya bluu mara 4 kwa kupitia chupa, pumua ndani yake mara kadhaa kila ukivuta, na safari ya hospitali ianze wakati huo huo. Rudia kila dakika 20 njiani. Mgonjwa akae wima, asilazwe.

Na neno moja kubwa: mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au ambaye midomo imebadilika rangi, huyo ni nyekundu hata kama mshale unasema vingine. Msipoteze muda kutafuta kifaa.

Mpango nao hubadilika. Baada ya wiki kadhaa za kutumia dawa vizuri, yule mama alipuliza 420 asubuhi tatu. Hiyo ndiyo namba yake bora mpya, kwa hiyo kijani kikasogea hadi karibu 340 na nyekundu hadi 210. Angebaki na mistari ya zamani, 330 ingehesabiwa kijani, kumbe kwake sasa ni njano. Watoto wanaokua wahesabiwe upya mara kwa mara kwa sababu hiyo hiyo.

Jihadharini mnaponunua kifaa kingine sokoni Busia, upande huu au ule. Kuna vipimo vya mtindo wa zamani, wa Wright, na vya mtindo mpya vyenye herufi EU, ambavyo Uingereza ilianza kuvitumia mwaka 2004. Mtu yule yule, pumzi ile ile, anaweza kupata namba zinazotofautiana kwa makumi ya lita. Mtu anaweza kudhani amepona au amezidiwa, kumbe amebadili kifaa. Andikeni aina ya kifaa kwenye jalada la daftari, na mkibadilisha, tafuteni namba bora upya.

Daftari lisafiri nanyi. Mwaka 2008 Wakenya waliokimbia ghasia za uchaguzi walipokelewa Mulanda, wilayani Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo. Anayehamishwa namna hiyo hukutana na mganga asiyemjua. Akipuliza 300, mganga atajuaje kama ni nzuri kwake au ni hatari? Ukurasa wa kwanza wa daftari ndio unaojibu. Basi andikeni hapo namba bora, tarehe mliyoipata, na mipaka ya rangi zote tatu. Siku ya kliniki leteni daftari, kifaa na pampu zote mbili, hata zile mnazodhani zimekwisha.