Hasara ya Kufunga Hesabu: Akaunti ya Ugeuzaji wa Mali katika Ubia wa Watu Wawili

Ubia wa watu wawili unapovunjwa, vitabu vyake vya hesabu huwa bado vinasema kwamba mali ipo na kwamba ina thamani fulani, ilhali soko halijaulizwa. Kazi ya kuuliza soko, na ya kuandika jibu lake mahali pamoja ili kila mbia aone amepoteza kiasi gani, hufanywa na akaunti moja ya muda ambayo katika mhadhara huu inaitwa akaunti ya ugeuzaji, yaani akaunti ya kugeuza mali kuwa fedha. Akaunti hiyo hufunguliwa siku ya kuvunja ubia, hupokea mali zote kwa thamani ya vitabuni, hupokea pia mapato ya kuziuza, kisha hufungwa kwa kupeleka tofauti kwenye akaunti za mitaji ya wabia. Utaratibu wake si mgumu. Kinachowashinda wengi ni kuelewa hasara inayotokana nayo ni ya nani, na pia kwamba kugawana hasara na kugawana fedha iliyobaki ni mambo mawili tofauti.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini mali huuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya vitabuni hata pale ambapo mtunza hesabu hakukosea. Thamani ya kitabuni ya mashine si bei yake sokoni. Ni gharama ya kuinunua ukiondoa uchakavu uliokwisha kuandikwa, na hesabu hiyo hufanywa kwa dhana kwamba biashara itaendelea na mashine itatumika hadi mwisho wa maisha yake. Ubia ukivunjwa dhana hiyo huanguka: mashine iliyokuwa ikizalisha huwa chuma kinachotafuta mnunuzi, bidhaa ambazo zingeuzwa moja moja kwa miezi sita hununuliwa kwa jumla na mtu mmoja anayejua kwamba muuzaji ana haraka, na wadaiwa, yaani wateja waliokopeshwa, hulegea kulipa mara wanaposikia kwamba duka linafungwa na kwamba hawatakopa tena pale.

Mfano wa kubuni utasaidia kuyaweka haya katika tarakimu. Wabia wawili wanamiliki karakana ya samani, ya aina inayoonekana kwa wingi Keko, Dar es Salaam, nao wanagawana faida na hasara nusu kwa nusu. Mizania yao ya siku ya kuvunja ubia inaonyesha mashine zenye thamani ya shilingi 18,000,000, pikapu ya shilingi 12,000,000, mbao na samani za shilingi 9,000,000, wadaiwa wa shilingi 5,000,000 na fedha benki shilingi 1,000,000, jumla shilingi 45,000,000. Kwa upande wa pili kuna wadai, yaani wauza mbao wanaodai shilingi 8,000,000, mkopo wa shilingi 3,000,000 ambao Mbia wa Kwanza aliukopesha ubia mbali na mtaji wake, mtaji wa Mbia wa Kwanza shilingi 26,000,000 na mtaji wa Mbia wa Pili shilingi 8,000,000. Tofauti kubwa ya mitaji si jambo la ajabu, kwa kuwa mara nyingi mmoja huleta fedha na mwingine huleta ufundi.

Hatua ya kwanza ni kuhamisha mali zote, isipokuwa fedha benki, hadi upande wa debiti wa akaunti ya ugeuzaji, yaani upande wa kushoto, kwa jumla ya shilingi 44,000,000. Hapa pana kosa linalorudiwa mara nyingi. Ikiwa leja inaonyesha mashine kwa gharama ya awali ya shilingi 30,000,000 na kuna akaunti nyingine ya uchakavu uliolimbikizwa ya shilingi 12,000,000, basi zote mbili lazima zihamishwe, kwa sababu anayehamisha gharama peke yake atapata hasara iliyozidi kwa shilingi 12,000,000 na kuacha uchakavu ukining'inia katika vitabu vya biashara isiyokuwepo tena. Kanuni hiyo hiyo inahusu tengo la madeni yasiyotarajiwa kulipwa.

Baada ya hapo soko linajibu. Mashine zinauzwa shilingi 10,500,000, mbao na samani shilingi 5,000,000, na kwa wadaiwa zinakusanywa shilingi 4,000,000. Pikapu haiuzwi, Mbia wa Pili anaichukua kwa bei waliyokubaliana ya shilingi 9,000,000. Mapato haya yote huandikwa upande wa krediti, yaani upande wa kulia, na kwa pikapu debiti inayolingana nayo haiendi benki bali inaingia katika akaunti ya mtaji ya aliyeichukua, kwa maana amejilipa sehemu ya haki yake kwa gari badala ya fedha. Wauza mbao wanakubali shilingi 7,700,000 kumaliza deni lao la shilingi 8,000,000, na punguzo la shilingi 300,000 huingia krediti, wakati ujira wa dalali na gharama za usafirishaji, shilingi 800,000, huingia debiti. Upande wa debiti unafikia shilingi 44,800,000 na upande wa krediti shilingi 28,800,000. Hasara ni shilingi 16,000,000.

Hasara hiyo hugawanywa kwa uwiano wa kugawana faida, wala si kwa uwiano wa mitaji, na jambo hili ndilo linalozua ugomvi mwingi kuliko mengine. Mbia mwenye mtaji mdogo huona kwamba aliyeweka zaidi ndiye aliyestahili kupoteza zaidi. Mwenye mtaji mkubwa naye hudhani kwamba fedha iliyobaki igawanywe kulingana na alichoweka. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, kifungu cha 44, inasema kwamba, pasipokuwa na makubaliano mengine, hasara, zikiwemo zile za kupungua kwa mtaji, hulipwa kwanza kutoka katika faida, kisha mtaji, na mwisho na wabia wenyewe kwa uwiano wa kugawana faida. Katika nchi za Afrika Mashariki masharti ya ubia yamo katika sheria za nchi zenyewe, Tanzania yakiwa ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Kenya katika Sheria ya Ubia ya mwaka 2012, lakini desturi ya kihesabu ni hiyo hiyo. Mantiki yake ni ya haki: waliokubaliana kugawana neema sawa walikubaliana pia, hata bila kutamka, kugawana msiba sawa.

Kila mbia basi anabeba shilingi 8,000,000. Mtaji wa Mbia wa Kwanza unashuka kutoka shilingi 26,000,000 hadi 18,000,000, naye anaudai ubia kiasi hicho. Mtaji wa Mbia wa Pili wa shilingi 8,000,000 unamezwa wote na hasara, na juu yake kuna pikapu ya shilingi 9,000,000 aliyokwisha kuondoka nayo, hivyo akaunti yake inabaki na debiti ya shilingi 9,000,000: sasa ni yeye anayedaiwa.

Benki inathibitisha hesabu hizi. Ilianza na shilingi 1,000,000, ikapokea shilingi 19,500,000 za mauzo na makusanyo, ikatoa shilingi 7,700,000 kwa wadai na shilingi 800,000 za gharama, ikabaki na shilingi 12,000,000. Mkopo wa Mbia wa Kwanza hulipwa baada ya wadai wa nje lakini kabla ya mtaji wa yeyote, kwa kuwa hapo alikuwa mkopeshaji, na ukishalipwa zinabaki shilingi 9,000,000. Mbia wa Pili akileta shilingi 9,000,000 anazodaiwa, benki inakuwa na shilingi 18,000,000, ambazo ni sawasawa na haki ya Mbia wa Kwanza, na akaunti zote zinafungwa bila kubaki hata senti. Hiki ndicho kipimo cha kazi nzima: baki la benki lisipolingana na jumla ya madai ya wabia, kuna mali iliyosahauliwa, punguzo lisiloandikwa, au uchakavu ulioachwa nyuma. Kipimo hiki, hata hivyo, hakigundui kila kosa, maana hasara iliyogawanywa kwa uwiano usio sahihi bado italingana.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ile pikapu. Kama ingeuzwa kwa mtu wa nje kwa bei ile ile ya shilingi 9,000,000 taslimu, hasara isingebadilika, Mbia wa Pili angeishia na sifuri, na Mbia wa Kwanza angelipwa shilingi 18,000,000 zake zote kutoka benki bila kumtegemea mtu. Kumruhusu mbia achukue mali wakati mtaji wake hauwezi kuibeba ni sawa na mwenzake kumkopesha mali hiyo, tena mkopo usio na dhamana, na akaunti ya ugeuzaji haitoi onyo lolote, kwa sababu ndani yake gari lililochukuliwa na gari lililouzwa huonekana sawa. Bei ya kukubaliana nayo ina uzito wake: pikapu ikikadiriwa shilingi 7,000,000 badala ya 9,000,000, hasara inaongezeka kwa shilingi 2,000,000, kila mmoja anabeba nyongeza ya shilingi 1,000,000, na kwa kuwa debiti ya gari imepungua kwa shilingi 2,000,000, Mbia wa Pili anafaidika kwa shilingi 1,000,000 ile ile anayopoteza mwenzake. Kwa hiyo ni busara bei hiyo itajwe na mthamini asiye na maslahi, na hesabu ya awali ya hasara ifanywe kabla funguo za gari hazijakabidhiwa.

Ikiwa Mbia wa Pili amefilisika na anaweza kuleta shilingi 2,000,000 tu, linabaki pengo la shilingi 7,000,000. Kwa ubia wa watu watatu pengo la namna hiyo lina kanuni maarufu, iliyotokana na kesi ya Garner dhidi ya Murray iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1903 na Jaji Joyce, ambapo upungufu wa mbia aliyefilisika uliwaangukia wenzake wawili kwa uwiano wa mitaji yao na si wa faida, kwa hoja kwamba deni la mbia mwenzao si hasara ya biashara. Wanafunzi wengi huilazimisha kanuni hiyo hata pale walipo wawili, ilhali hapo haina kazi, kwa kuwa hakuna wa kugawana naye. Shilingi 7,000,000 huhamishwa zote hadi debiti ya mtaji wa Mbia wa Kwanza, haki yake inashuka kutoka shilingi 18,000,000 hadi 11,000,000, na hizo ndizo zilizomo benki, yaani 9,000,000 zilizobaki na 2,000,000 zilizoletwa. Kiasi hicho hakipitishwi katika akaunti ya ugeuzaji, ambayo ilikwisha kufungwa, na kati ya wabia wenyewe deni halifutiki kwa kuhamishwa kitabuni: Mbia wa Kwanza anabaki na haki ya kumdai mwenzake shilingi 7,000,000, na siku yatakapopatikana malipo yoyote, yatakuwa yake peke yake.