Hotuba ya Shukurani kwa Wakaazi wa Sakina: Maji, Ulinzi na Usafi



Twasimama mbele yenu kwanza kutoa shukurani. Tarehe 27 Novemba 2024 mlijipanga mkapiga kura, mkatukabidhi dhamana ya mtaa huu. Wako waliotuchagua sisi, na wako waliochagua wengine. Hao wote ni wakaazi wa Sakina, na bomba likipasuka halimwulizi mtu alimpa nani kura yake. Kwa hivyo shukurani hizi ni za kila mmoja wenu, na khasa wale walioshindana nasi kwa heshima.

Baada ya shukurani, twataka kusema tuliyokusudia kuyafanya, na mipaka yake. Mwenyekiti wa mtaa hana mtambo wa maji, hana jela, wala hana gari la taka. Alichonacho ni mkutano kama huu, daftari, na haki ya kubisha hodi katika ofisi za wakubwa kwa niaba yenu. Mipango yetu imejengwa juu ya vitu hivyo vitatu.

Tuanze na maji. Mradi mkubwa wa Mamlaka ya Maji ya Arusha, uliogharimu shilingi bilioni 520 na kuzinduliwa Oktoba 2021, ulikusudiwa kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi lita milioni 200. Hilo ni jambo kubwa. Lakini maji kuwa mengi ni jambo moja, na maji kuwa mema kwa mtoto ni jambo jingine. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunakaa juu ya miamba ya volkano, na maji yapitayo katika miamba hiyo huchukua madini yaitwayo floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha juu kuwa miligramu 1.5 katika lita moja. Chemchemi na visima vingi vya upande huu wa Meru hupita kipimo hicho.

Dalili yake mnaijua. Ni meno ya rangi ya kahawia na yenye mabaka, na pale ambapo kipimo kimezidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda. Wengi hudhani kwamba kuyachemsha maji huyatengeneza. Kuchemsha huua vijidudu, nako ni kuzuri, lakini floraidi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki ile ile, na kila kikombe huwa kikali kuliko mwanzo. Tena magadi tunayotia katika maharagwe na makande ili yaive upesi huweza kuwa na floraidi nyingi. Mama akipata maji mazuri kisha akatia magadi, ameirudisha nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Ipo dawa ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, karibu nasi. Mifupa ikichomwa sawasawa huwa myeusi. Ikiungua mno ikawa myeupe, nguvu yake hupungua. Na isipoiva, maji hunuka. Tena mkaa huo huchoka, na ulimi hauwezi kutambua umechoka lini. Hapana budi maji yapimwe. Kwa hivyo atakayenunua chujio na amwulize muuzaji ni nani atakayempimia maji yake, na baada ya muda gani.

Lakini njia iliyo rahisi zaidi kwetu iko juu ya mapaa. Maji ya mvua hayajapita katika mwamba, na floraidi yake ni kidogo mno. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Tuchukue nyumba yenye bati la mita 50 za mraba. Mvua ikinyesha milimita 20, zitateremka lita 1,000. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa kumwagika na kuosha vumbi, zitabaki lita 800. Familia ya watu sita, kila mtu akitumia lita tano kwa kunywa na kupikia tu, itatumia lita 30 kwa siku. Tangi la lita 5,000 likijaa wakati wa masika litaifikisha familia hiyo zaidi ya miezi mitano, nayo ndiyo miezi ya kiangazi yenyewe. Kufua na kuoga kutaendelea kwa maji ya bomba.

Mpango wetu basi ni huu. Kwanza, tutapeleka maji ya kila chanzo cha mtaa huu yapimwe, na matokeo yabandikwe ubaoni. Pili, tutahimiza vikundi vya kuchangiana matangi, tukianza na nyumba zenye watoto wa chini ya miaka minane. Meno ya mtoto hujengwa ndani ya ufizi kabla hayajaota, na yakishaharibika hayarudi.

La pili ni ulinzi. Mtaa wetu uko kandokando ya barabara kuu iendayo Namanga, na wageni hawatakoma kupita. Tunakusudia ulinzi wa zamu. Mfano wake ni huu: mtaa ukiwa na nyumba 240, na watu wanane wakikesha kila usiku, nyumba moja itapata zamu mara moja katika siku 30. Tukiwasamehe wajane, wagonjwa na wazee, wakawa robo ya nyumba hizo, zamu itarudi baada ya siku 22 hivi. Huo si mzigo usiobebeka. Ulinzi huharibika pale mwenye fedha anapomtuma kijana asiyejulikana akeshe badala yake. Kwa hivyo jina la kila mlinzi litaandikwa daftarini kabla ya jua kuchwa.

Na mtu akikamatwa, apelekwe polisi bila kukawia, mzima wa viungo. Raia amepewa ruhusa ya kukamata; hakupewa ruhusa ya kuhukumu. Mwizi aliyeuawa hawezi kuwataja wenziwe, wala mnunuzi wa mali ya wizi.

La tatu ni usafi. Sehemu kubwa ya uzito wa taka zetu ni maganda na mabaki ya chakula. Hayo yakitengwa nyumbani yatakuwa mbolea ya migomba na chakula cha mifugo, na mzigo wa kupelekwa dampo la Muriet utapungua, pamoja na harufu. Mitaro itazibuliwa kabla ya masika, katika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tutaanzia upande wa chini na kupanda juu, ili maji yawe na pa kutokea. Na tope litakalotolewa litabebwa siku ile ile. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha mtaroni, na kazi yote huwa bure.

Ndugu zetu, kila fedha itakayochangwa itatolewa stakabadhi, na hesabu yake itasomwa hapa hapa kila baada ya miezi miwili. Siku hiyo leteni daftari zenu, mlinganishe na letu.